Je, wajua? Mjamzito anaweza kuzimia huku damu yake imeongezeka

"Dada yangu ana mimba ya miezi mitano. Akisimama kwenye foleni macho yanaingia giza na moyo unamwenda mbio, juzi nusura azimie. Nyumbani wote wanasema damu imepungua. Ni kweli?"

Inawezekana, na kipimo kitasema. Lakini kwa mimba ya umri huo, hata mwanamke mwenye damu ya kutosha kabisa hupata hali hiyo kwa sababu presha yake hushuka, na jambo la ajabu ni kwamba damu yake kwa wakati huo ni nyingi kuliko alivyokuwa nayo kabla ya kushika mimba. Mwanamke wa kawaida ana takriban lita 4 za damu. Kufikia wiki ya 32 hivi, atakuwa ameongeza lita 1 au zaidi juu yake.

Imani ya "damu imepungua" haikuzuka hivi hivi, kwani kadi ya kliniki yenyewe huonekana kuithibitisha. Tuseme dada huyo alipoanza kliniki wingi wa damu yake ulikuwa 12.5, na sasa ni 11.2. Namba imeshuka, basi damu imekwenda wapi? Haijaenda popote. Namba hiyo ni gramu za hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa, katika kila desilita ya damu. Kwenye lita 4 za mwanzo alikuwa na gramu 500. Sasa tuseme ana lita 5: kwa kipimo cha 11.2 zinakuwa gramu 560. Ameongeza gramu 60 na kadi inaonyesha ameshuka, kwa kuwa katika ujauzito majimaji ya damu huongezeka kwa kasi kuliko chembe nyekundu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halimhesabu mjamzito kuwa na upungufu wa damu mpaka ashuke chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi ya katikati.

Imani hiyo ina kituko kingine. Anayeambiwa damu imepungua huletewa juisi ya rozela, nyekundu kama damu yenyewe. Wekundu wake hautokani na madini ya chuma, na katika majaribio kadhaa kwa watu wenye presha ya juu, rozela ilishusha presha kidogo. Kwa wajawazito haijapimwa vya kutosha, kwa hiyo sisemi glasi moja itamwangusha mtu. Ila kumnywesha kwa mitungi mtu ambaye shida yake ni presha ya kushuka si dawa. Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki aendelee navyo, kwa sababu mimba inahitaji chuma hata pale ambapo kizunguzungu hakitokani na kukikosa.

Sasa, damu ikiongezeka, presha inashukaje? Fikiria mtaa unaopata maji kutoka tangi moja. Siku moja nyumba zote zinafungua mabomba kwa pamoja, na juu yake anaongezeka mpangaji mpya anayetumia maji mchana na usiku. Fundi wa tangi anaanza kuongeza maji, lakini kazi hiyo inamchukua wiki nyingi. Katika kipindi hicho maji yapo, tena mengi, ila msukumo umelegea, na wa kwanza kulalamika ni mkazi wa ghorofa ya juu. Mabomba hayo ni mishipa ya damu, ambayo homoni za ujauzito, projesteroni ikiwemo, huilegeza tangu wiki za mwanzo kabisa, pengine mama hajajua hata kama ana mimba. Mpangaji mpya ni kondo la nyuma. Ghorofa ya juu ni ubongo. Presha hufika chini kabisa katikati ya mimba, karibu na wiki ya 20, kisha hupanda taratibu kurudi ilikokuwa. Mwanamke aliyekuwa na 112/70 akikutwa na 96/58 mwezi wa tano, na hana dalili nyingine, muuguzi hatashtuka.

Moyo kwenda mbio ni sehemu ya utaratibu huohuo. Mapigo ya mjamzito akiwa ametulia huongezeka kwa 10 hadi 20 kwa dakika. Akisimama bila kusogea, nusu lita ya damu au zaidi huteremka miguuni. Vipimo vya mwili vilivyo shingoni huhisi msukumo umepungua na kuuamuru moyo uongeze kasi. Kwa hiyo yale mapigo anayoyasikia masikioni akiwa kwenye foleni ni moyo ukijaribu kumzuia asianguke. Ukishindwa, huja jasho jembamba, kichefuchefu, masikio kuziba, macho kuingia giza.

Dalili hizo humwachia sekunde chache tu, na njia ya kuzitumia ni rahisi. Apishanishe miguu akiwa amesimama na kukaza mapaja na makalio kwa nguvu, huku akikunja ngumi. Misuli ikikaza husukuma damu kurudi juu. Kisha akae mara moja, hata kama ni chini, aibu baadaye. Akizimia, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Watu wengi humlaza chali, na kwa mimba iliyofika miezi mitano na kuendelea hilo linaweza kuzidisha tatizo: mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni, ambao hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Ndiyo maana wengine huona kizunguzungu wakiwa wamelala kabisa, wakageuka ubavu na kikaisha.

Asubuhi ndiyo hatari zaidi, na siku ya kliniki hukusanya makosa yote: ameamka ghafla, ameoga maji ya moto ambayo hulegeza mishipa zaidi, ametoka bila chai, amesimama kwenye basi, akifika anapanga foleni juani. Anywe maji kabla ya kutoka. Aamke kwa hatua, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili akichezesha vifundo vya miguu. Ale kidogo kidogo mara nyingi, maana baada ya mlo mkubwa damu hukimbilia tumboni. Akilazimika kusimama, asisimame kama mlingoti. Apandishe na kushusha visigino.

Hayo yote ni kwa kizunguzungu kinachoisha akikaa au akilala ubavu. Ahesabu mapigo akiwa amekaa kwa utulivu: yakibaki juu ya 100 kila mara, au akihema akipanda ngazi chache, au viganja na ndani ya kope vimepauka, apimwe damu, malaria na moyo. Kuzimia kwenye maumivu ya kifua, kuzimia akiwa amelala, au kutokwa damu ukeni ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Kwa mimba changa ya wiki chache, kizunguzungu pamoja na maumivu makali ya tumbo upande mmoja au ya ncha ya bega huweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, inayovujia damu ndani bila kuonekana.

Na baada ya mwezi wa tano, kizunguzungu kikija na maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli au uso kuvimba, asichukulie kuwa ni ileile presha ya kushuka. Huenda kipimo kikasoma 140/90 au zaidi, na hapo anahitaji kuonwa siku hiyohiyo.