Khanga ya kumpelekea ndugu usiyemjua vizuri

"Nakwenda Ujiji kumwona binamu wa marehemu baba, sijawahi kukaa naye. Wote wananiambia khanga haikosei, nichukue yoyote yenye rangi nzuri. Ni kweli?"

Rangi ni nusu ya khanga. Nusu nyingine ni jina, yale maneno yaliyoandikwa ndani ya mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, juu kidogo ya pindo refu la chini. Mpokeaji huyasoma kama yametoka kinywani mwako. Kwa shoga yako, fumbo kali ni utani. Kwa mtu asiyekujua, hana cha kulipimia isipokuwa maneno yenyewe.

Chukua doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Mama huyo anaikunjua mbele ya wakwe zake, anasoma, kisha anaikunja taratibu. Wewe ulipenda maua tu, lakini yeye usiku kucha anajiuliza umesikia nini juu yake. Nimeona uso wa namna hiyo, na unauma.

Dukani khanga hukunjwa, jina likafichika. Mwombe muuzaji aitandaze, usome mwenyewe, halafu umsomee mwanamke mzima wa hapo Kigoma umuulize: ungepewa hii na mgeni, ungeelewaje? Majina ya dua au shukrani, kama "Mungu ni mwema", mara nyingi hayana mshale. Epuka yanayotaja mapenzi, wivu, majirani au maneno ya watu.

Ukibaki na shaka, chukua kitenge. Kwa kawaida hakina jina.