Devi ikishakubaliwa, faktire inatoka namna gani?

Kugeuza devi kuwa faktire maana yake ni kuchukua ile karatasi yenye kiliya alishasaini na kuiandika upya mstari kwa mstari, bila kugusa bei, kazi yenyewe wala namna ya kulipa. Vyenye vinabadilika ni vichache: juu inaandikwa faktire, inapata namba yake na tarehe yake, na unaongeza mstari wa kusema inafuata devi namba fulani.

Tuchukue ateliye moja ya kuchomelea vyuma kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, yenye ilitolea shule moja devi namba 014. Milango 4 ya dola 180, grili za madirisha 10 za dola 65, jumla dola 1.370, TVA ya 16% ni 219,20, yote pamoja 1.589,20. Chini wakaandika: devi inashika siku 30, usafiri na kufunga viko ndani ya bei, nusu inalipwa mbele na nusu kazi ikiisha. Shule ikasaini siku ya 17 na ikatoa akonti ya dola 794,60.

Kazi ikavuta mwezi na nusu, chuma kikapanda, na hapa ndio watu wengi wanakosea, wanasema siku 30 zilishapita basi tupandishe. Hapana. Zile siku zilikuwa za kiliya kukubali, si za fundi kumaliza, na kiliya alikubali ndani ya muda, kwa hiyo bei ilishafungwa, isipokuwa kama devi yenyewe iliandika kwamba chuma kikipanda mtahesabu upya. Na usiweke mstari mpya wa usafiri, sababu ulishasema uko ndani.

Faktire basi inabeba mistari ileile mpaka 1.589,20, kisha chini ya jumla unatoa akonti 794,60, inabaki 794,60. Usishushe bei ya mlango ili ufike kwa ile baki, maana TVA inaharibika na mhasibu wa shule akiweka karatasi mbili kando kando hatapata kitu kinachofanana, faktire inarudishwa na feza inachelewa.

Wenye wanafanya devi mu Excel waangalie sana: kama bei inatoka kwa liste ya bei kwa fomula, ukibadilisha liste leo, devi ya zamani nayo inageuka kimyakimya. Kabla ya kutuma devi bandika bei kama namba tupu, na siku ya faktire linganisha na ile karatasi yenye saini, si na fayili.

Na kama shule iliomba grili moja zaidi katikati ya kazi? Usiiingize mule. Iandikie devi yake ndogo, dola 65 na TVA 10,40, wasaini, kisha itoke na faktire yake ya 75,40.