Acheni kuita kila kitu dhaifu

Nimeletewa tena mswada wa tafsiri ambao ndani yake mama mzee ni dhaifu, daraja la mtoni ni dhaifu na hoja ya wakili ni dhaifu, yote katika sura moja. Nilipomwuliza mfasiri, akanipa jibu ninalopewa kila mara: wenzetu wana maneno matano, sisi tunalo hilo moja. Jibu hili limenichosha. Maneno yapo: dhaifu, dhoofu, nyonge, hafifu, tete, nyeti, na bado sijataja bovu, chakavu na legelege. Kinachokosekana ni mfasiri kujiuliza anataka kusema nini kabla hajaandika.

Wapo pia wanaojitetea kwa kanuni ya kujitungia, eti dhaifu ni la watu na hafifu ni la vitu. Kanuni hiyo haifiki mbali. Mshiko wa mgonjwa huwa hafifu, sauti yake huwa hafifu, na serikali huwa dhaifu ingawa si mtu. Nomino haikuchagulii kivumishi. Kinachochagua ni aina ya upungufu.

Niyapitie mepesi kwanza. Bovu ni kilichoharibika, chakavu ni kilicholiwa na matumizi, legelege ni kisichokaza. Hafifu ni kilicho chini ya kiwango, kichache au kisicho na ubora: mwanga hafifu, ujenzi hafifu, ushahidi hafifu. Daraja hafifu kwa hiyo ni lililojengwa vibaya tangu siku ya kwanza, na lawama inamwendea mjenzi. Daraja chakavu huenda lilijengwa vizuri sana, ila limezeeka. Ukiyaita yote mawili dhaifu, umemficha msomaji nani wa kulaumiwa.

Dhaifu lenyewe ni neno la mzigo. Maana yake nguvu iliyopo haitoshi kwa kinachobebwa, na ndiyo maana haliwezi kusimama bila swali la pili: dhaifu kwa mzigo gani? Daraja la waenda kwa miguu si dhaifu mpaka mtu apitishe lori. Mama anayeshindwa kuinua ndoo iliyojaa ni dhaifu mbele ya ndoo hiyo, lakini huenda anatembea, anapika na anahesabu fedha zake barabara. Dhoofu ni ndugu yake, tofauti ni kwamba ndani yake mna wakati. Mtu hudhoofu, yaani alikuwa na nguvu zikampungua, mwili ukakonda. Ninapomsoma mama “aliyedhoofu” namwona alivyokuwa zamani na alivyo sasa kwa neno moja. Ninapomsoma mama “dhaifu” sijui kama hata ujanani aliwahi kuwa na nguvu. Kusema kweli mpaka huu haulindwi na wote, na wapo waandishi wazuri wanaoyabadilisha maneno haya mawili bila kujali. Mimi naulinda, kwa sababu ukiubomoa hupati kitu badala yake.

Sasa nyonge, maana hapa ndipo ninapokasirika. Mfasiri akishaambiwa kwamba dhaifu limezidi, anakimbilia mnyonge kana kwamba ni dhaifu lenye huruma kidogo. Sivyo. Unyonge ni wa hadhi na wa moyo. Mnyonge ni asiye na sauti mbele ya wenye nguvu, na methali inasema wazi: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali haizungumzii misuli. Inazungumzia anayeonewa. Mama wa miaka themanini anaweza kuwa na miguu imara na macho makali, lakini akawa mnyonge nyumbani mwake kwa sababu funguo na fedha ziko mikononi mwa watoto na hakuna anayemwuliza neno. Na mama mwingine hainuki kitandani, ila akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza kumsikiliza. Huyo ni dhaifu, wala si mnyonge hata chembe. Mwandishi anayechanganya hali hizi mbili anabadilisha hadithi yenyewe: ugonjwa unageuka kuwa uonevu, au uonevu unafichwa nyuma ya ugonjwa.

Jaribio ni rahisi. Hakuna asemaye daraja nyonge, kwa kuwa daraja halina heshima ya kupoteza. Ukiweza kukiuliza kitu “nani amekuvunja moyo?” kisionekane kichekesho, basi unyonge unawezekana hapo. Kuna ugumu mmoja ambao kamusi hazikutatulii: mgonjwa anaposema “leo najisikia mnyonge”, anazungumzia mwili na moyo kwa pamoja, na kuvitenganisha ni kumsemea. Hapo naliacha neno alilolichagua mwenyewe.

Linalonikalisha usiku hasa ni tete. Wengi wanadhani tete ni dhaifu la magazetini, kwa kuwa tunasoma hali tete ya usalama na ndoa tete. Lakini dhaifu na tete hujibu maswali mawili tofauti. Dhaifu hujibu nguvu ni kiasi gani. Tete hujibu kitatokea nini kikiguswa vibaya. Kitu kinaweza kuwa na nguvu nyingi na bado kikawa tete, na mfano ninaowapa wafasiri ni wa daraja.

Daraja la Silver lilifunguliwa mwaka 1928 juu ya mto Ohio huko Marekani, kati ya majimbo ya West Virginia na Ohio. Halikuning’inizwa kwa kamba za waya. Lilishikwa na minyororo ya pau ndefu za chuma zenye tundu kila mwisho, zilizounganishwa kwa pini. Chuma chenyewe kilikuwa cha nguvu kuliko cha kawaida, na kwa sababu hiyo wasanifu waliona pau mbili zinatosha kwa kila kiungo, wakati madaraja mengine ya aina hiyo yalikuwa na pau zaidi. Tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa yamejaa juu yake jioni, pau moja ilikatika kwenye tundu lake. Mwenzake hakuweza kuushika mzigo peke yake, pini ikachomoka, na daraja lote likaanguka mtoni. Watu 46 walikufa. Uchunguzi uliukuta ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi, ulioanzishwa na kutu na mkazo wa miaka mingi, mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingefika bila kukifungua kiungo.

Liiteni daraja hilo dhaifu, na mtakuwa mmesema uongo kwa karibu miaka arobaini ya maisha yake. Lilikuwa likibeba mzigo wake kila siku, ingawa magari yalizidi kuwa mazito kuliko yale ya wakati lilipojengwa. Kosa lake halikuwa uchache wa nguvu. Lilikosa kitu cha kulipokea sehemu moja inaposhindwa. Huo ndio utete: kila kitu kiko salama mpaka kimoja kiteleze, kisha hakuna kinachobaki. Daraja dhaifu mara nyingi hukuonya kwanza, linapinda, linatikisika, linabonyea. Daraja tete linaweza kukaa kimya mpaka dakika ile ile.

Hoja nazo ziko hivyo hivyo. Tuseme ndugu wanabishana kama mama yao aendelee kuishi peke yake. Mmoja anasema hapana, kwa sababu jana alimkuta amekaa kimya muda mrefu. Hiyo ni hoja dhaifu. Hata tukikubali kwamba alikaa kimya, ukimya hauwezi kuubeba uamuzi wa kumhamisha mtu kwake. Mwingine anasema mama aliacha jiko likiwaka usiku kucha, kisha akaanguka bafuni, kisha akasahau dawa zake, kwa hiyo asiachwe peke yake. Hii si dhaifu hata kidogo. Ikiwa kweli, inatosha. Lakini ukiuliza habari zote tatu zimetoka wapi, unaambiwa zimetoka kwa jirani mmoja, tena jirani anayeitamani nyumba hiyo. Hoja ni tete: shahidi mmoja akianguka, zote tatu zinaanguka naye. Dawa za hoja hizi mbili hazifanani. Hoja dhaifu inahitaji sababu nzito zaidi. Hoja tete inahitaji shahidi wa pili.

Wanaosoma elimu ya hadithi za Mtume wanaijua tofauti hii kuliko waandishi wengi. Kwao hadithi dhaifu ni ile ambayo mapokezi yake yana kasoro, labda mpokezi mmoja hakuwa na kumbukumbu nzuri au mnyororo umekatika mahali. Haina maana kwamba imezushwa, maana iliyozushwa ina jina lake. Na hadithi yenye udhaifu mdogo ikiungwa mkono na njia nyingine za mapokezi huweza kupandishwa daraja. Hapo neno dhaifu lina kipimo, na mtu hawezi kulitupa ovyo.

Nyeti ni habari nyingine kabisa, na nimeshakuta “hoja nyeti” ikitumiwa kwa maana ya hoja isiyo imara. Jambo nyeti ni linaloumiza likiguswa, hata kama ukweli wake hautikisiki. Kumwambia mama kwamba asiendeshe tena gari ni jambo nyeti, na hoja zake huenda ni za chuma.

Turudi kwa mzazi mzee, kwa sababu yeye ndiye mgumu. Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake walitoa kipimo cha ile hali ya uzeeni ambayo wafasiri huiita udhaifu na kuishia hapo. Wanaangalia dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka sana, mshiko wa mkono usio na nguvu, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa nayo. Angalia: uchache wa nguvu ni dalili moja tu kati ya tano. Wanachokitafuta madaktari ni akiba ya mwili iliyoisha, kiasi kwamba homa ndogo au kujikwaa kidogo, ambako kijana angekusahau kesho yake, kunamlaza mzee kwa miezi. Kwa maana hiyo hali yake iko karibu zaidi na tete kuliko dhaifu.

Lakini siwezi kuandika kwamba mama huyo ni tete. Magazeti yamelivuta neno hilo mpaka “hali yake ni tete” ikawa taarifa ya mtu aliye mahututi, na msomaji angeanza kutafuta sanda. Dhaifu halifiki, kudhoofu linaeleza njia aliyopita na si hatari aliyomo, mkongwe linataja umri tu. Kwa sasa, katika mswada huu, nimelifuta neno moja na kuandika kirefu: “Mama alikuwa amedhoofu, na ugonjwa wowote mdogo ungemwangusha.” Daraja nimeliandika chakavu, kwa kuwa aya iliyofuata ilitaja mbao zilizooza. Hoja ya wakili nimemrudishia mfasiri aisome upya, aniambie kama ilikosa uzito au ilitegemea shahidi mmoja.