Kuzidiwa kwa zamu: ujumbe wa kumwomba inchaji msaada unasema nini

Kwetu hospitalini neno "kuzidiwa" lina kazi mbili, na hapo ndipo utata unapoanzia. Mgonjwa akizidiwa, hali yake imekuwa mbaya. Mfanyakazi akisema "nimezidiwa", wengi husikia kwamba amechoka au amekasirika, au anatafuta pa kupumulia. Kuzidiwa kwa zamu ni kitu kingine. Ni pale kazi iliyopo mezani, ukijumlisha na itakayoingia kabla hujakabidhi, inapokuwa kubwa kuliko uwezo wa zamu yenyewe, hata mtu angefanya kazi bila kunyanyua kichwa. Uchovu hauhusiki. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa, ameshiba na chai, na zamu yake ikawa imezidiwa tangu dakika ya kwanza.

Nitaeleza kwa kisa cha maabara, maana ndiko nilikofanya kazi, katika kituo kimoja mjini Tanga. Ilikuwa wakati wa masika, homa zimepanda, na vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimeisha. Kila mwenye homa alikuwa anachukuliwa damu kwa ajili ya slaidi, yaani kipande cha kioo chenye damu kinachosomwa kwa hadubini. Zamu ya jioni inaanza saa 8 mchana na kuisha saa 2 usiku. Niliingia nikakabidhiwa slaidi 41 ambazo hazijasomwa, hadubini moja, na mimi peke yangu.

Kwanza ujue slaidi moja inakula muda gani. Tone nene la damu lazima likauke lenyewe kabla ya kutiwa rangi. Kwa unyevu wa bahari yetu linachukua muda, na ukiliharakisha kwa moto linaungua: chembe nyekundu zinagandamana na kioo badala ya kupasuka na kuondoka, na huwezi tena kuona kilichomo. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 inakaa kama dakika 10. Lakini kukausha na kutia rangi hakukuwa tatizo, kwa sababu unaweza kupanga slaidi 20 kwenye kibao kimoja zikaenda pamoja. Tatizo lilikuwa jicho. Huwezi kuandika "hakuna vimelea" kabla hujapitia nyuga 100 za tone nene kwa lenzi ya mafuta; uga mmoja ni eneo unaloliona kwa mara moja ukichungulia kwenye hadubini. Slaidi yenye vimelea vingi inajitangaza ndani ya dakika mbili. Isiyo nacho hata kimoja ndiyo inayokuweka. Kwa wastani wangu wa siku ile ilikuwa dakika 8 kwa slaidi.

Kuna dalili moja ninayoiamini kuliko urefu wa foleni kwenye benchi. Tazama muda wa kupokelewa ulioandikwa kwenye slaidi unayoisoma sasa hivi, kisha ulinganishe na saa ya ukutani. Saa 8 na nusu nilikuwa nasoma slaidi iliyopokelewa saa 5 na dakika 20 asubuhi, yaani imesubiri saa 3 na dakika 10. Saa 10 kamili nilikuwa naifikia iliyopokelewa saa 5 na dakika 55, imesubiri zaidi ya saa 4. Nilikuwa nimefanya kazi saa moja na nusu bila kusimama, na bado mgonjwa anayefuata alikuwa amesubiri zaidi ya yule aliyemtangulia. Pengo hilo likiendelea kupanuka, foleni inakushinda. Likisinyaa, hata benchi likiwa limejaa mpaka mlangoni, vumilia tu, utaimaliza.

Tangu saa 8 zilikuwa zimeingia slaidi 18 na nimesoma 13. Kwa hiyo 41 zimekuwa 46. Hapo nikachukua kalamu. Zimebaki saa 4, yaani dakika 240. Ukitoa muda wa kupokea watu, kuwatoboa kidole, kutia rangi, kuandika majibu kwenye rejesta na kwenda haja, dakika za kukaa kwenye hadubini ni 180. Gawa kwa 8, unapata slaidi 22. Jioni watu hupungua, lakini bado walikuwa wanaingia kama 5 kwa saa, hivyo 20 zaidi mpaka saa 2. Mzigo wote ni 66, uwezo ni 22. Slaidi 44 zitalala.

Namba hiyo ya 44 ndiyo maana halisi ya kuzidiwa kwa zamu. Kabla hujaipata huna ombi bado, una manung'uniko.

Asiyepiga hesabu huwa hakai kimya akaacha 44 zilale, na hapo ndipo hatari ilipo. Anapunguza nyuga. Badala ya 100 anaangalia 50, kisha 30, kisha anapitisha jicho tu. Hakuna anayemwona, rejesta inajaa, benchi linapungua, na msimamizi anaona zamu imekwenda vizuri. Mwenye vimelea vichache anaandikiwa hana. Utagundua baadaye ukitazama rejesta: mpangilio wa majibu unabadilika kuanzia alasiri, "hakuna vimelea" zinafuatana kama shanga, ilhali asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwa wagonjwa wa mitaa ile ile, zilikuwa zikipishana na zenye vimelea. Mimi sisemi kwamba sikuwahi kushawishika. Nilishawishika jioni ile ile.

Sasa ujumbe wenyewe. Wengi wetu, kwa uungwana wa pwani, tunaandika hivi:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Huku leo hali si nzuri, watu ni wengi mno, tunaomba utusaidie."

Adabu ipo, ila inchaji, yaani msimamizi wako, hana la kufanya na ujumbe huo. Watu ni wengi kiasi gani? Tangu lini? Usaidiwe nini? Atajibu "Pole mwanangu, jitahidini", na hatakuwa amekosea, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ulichomwachia nafasi ya kutoa.

Kabla ya kuandika wa kwangu ilinibidi nifikirie nani hasa nimwombe. Mapokezi palikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, mchapakazi, na nilikuwa karibu kuomba aletwe ndani. Lakini yeye alikuwa anajua kutoboa na kuandikisha, kusoma slaidi bado. Angenifanyia nini? Angewatoboa watu upesi zaidi, na rundo mbele ya hadubini lingekua kwa kasi zaidi. Mtu wa ziada akiwekwa kabla ya mahali penye msongo anaongeza mrundikano. Panapobana palikuwa pale kwenye jicho, basi ombi lilipaswa kuwa jicho la pili na hadubini ya pili. Au kupunguza kinachofika kwenye jicho: kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika 15 mpaka 20 bila hadubini, na unaweza kupanga vingi mezani kwa pamoja.

Kipimo cha haraka nacho hakifai kwa kila mtu. Aliyemaliza dawa za malaria wiki mbili tatu zilizopita kinaweza kumwonyesha bado anaumwa, kwa kuwa protini kinayoitafuta hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Huyo abaki kwenye slaidi.

Nikaandika hivi, saa 10 na dakika 5:

"Shikamoo mama. Slaidi za malaria zinazosubiri ni 46, ya mwanzo imepokelewa saa 5:55 asubuhi. Niko peke yangu na hadubini moja. Mpaka saa 2 nitasoma kama 22, na wanaingia wapya kama 5 kwa saa, hivyo 44 zitalala. Naomba msomaji mmoja mpaka saa 2 (hadubini ya pili ipo kabatini, nzima), na boksi moja la vipimo vya haraka kwa wanaokuja kuanzia sasa. Kwa sasa natanguliza watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wa wodini. Mtu asipopatikana, naomba uniambie zipi zilale, sitapunguza nyuga. Nitakupigia saa 10 na nusu."

Sentensi ya "zipi zilale" ilinichukua muda kuliko zote, nikaifuta, nikairudisha. Mtu mgeni anaweza kuiona ina ukaidi. Mimi naiona ndiyo heshima yenyewe: kuamua nani asubiri mpaka kesho ni kazi ya mwenye dhamana, na kumficha uamuzi huo ni kuufanya kwa niaba yake bila yeye kujua. Kile cha "natanguliza" kinamwambia kwamba hujakaa ukimsubiri. Kupiga simu saa 10 na nusu ni kwa sababu inchaji naye ni mtu, huenda yuko kikaoni au njiani, na ujumbe wa Wasapu wenye alama mbili za kijivu huenda haujasomwa na mtu.

Angalia pia kwamba msaada una saa yake. Kama msomaji angekaa kwenye kiti saa 10 hiyo hiyo, akatumia saa moja kwa vipimo vya haraka na tatu kusoma, angesoma 22. Ukijumlisha na zangu 22, kati ya 46 zingebaki 2 tu. Kila saa anayochelewa ni slaidi 7 zinazolala. Ndiyo maana ujumbe huo saa 10 ni ombi, na saa 1 usiku unakuwa taarifa ya msiba. Ningefanya hesabu saa 8 na robo, mara tu baada ya kukabidhiwa 41, ningepata zaidi. Hilo kosa ni langu.

Mama alipiga saa 10 na dakika 20. Alimtoa mtu aliyekuwa nyumbani, akafika saa 11 kasorobo na boksi la vipimo 25 aliloliazima kituo cha jirani. Mpaka amevaa koti na kupanga vipimo vya kwanza ilikuwa saa 11. Tulipofika saa 2 usiku zilibaki slaidi 9, zote za watu wazima waliokuwa na hali nzuri, tuliowaambia mapema warudi asubuhi. Nikaziandika kwenye kitabu cha makabidhiano namba kwa namba, na muda wa kupokelewa wa kila moja, na mwenzangu wa usiku akazisoma kabla ya saa 4.