Insha ya Mwanafunzi Haisahihishwi kwa Kuandikwa Upya

Wazazi wanaponitumia kwa WhatsApp picha za rasimu za insha za watoto wao, ombi huwa lile lile: "Mwalimu, mtilie Kiswahili kizuri." Dhana iliyomo ndani ya ombi hilo, kwamba insha iliyosahihishwa ni ile iliyobadilishwa maneno yote yakawa mazito, ndiyo inayoharibu kazi za wanafunzi kuliko makosa yao wenyewe ya sarufi, na imeshanichosha.

Chukua sentensi hii ya mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Wete, Pemba, niliyoinakili kama ilivyo kwenye karatasi yake: "Vijana wengi hawataki kuchuma karafuu siku hizi kwasababu mikarafuu mingi yamezeeka na babu yangu alianguka akavunjika mguu kwaiyo serikali ilete mashine." Kaka yake alikuwa ameshaisahihisha, ikawa: "Aghalabu nguvukazi ya vijana imeikwepa sekta ya karafuu kutokana na changamoto lukuki zinazoikabili." Sarufi haina kosa, lakini babu ametoweka na sababu zote mbili zimetoweka. Kilichobaki kinaweza kusemwa juu ya mwani, uvuvi au zao lolote.

Makosa ya sarufi hapo ni matatu tu: "kwa sababu" ni maneno mawili, mikarafuu "imezeeka" kwa upatanisho wa ngeli yake, na "kwaiyo" huandikwa "kwa hiyo". Hayo huyarekebisha bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hayana mjadala. Udhaifu wa hoja ni jambo jingine, na dawa yake ni swali linaloandikwa pambizoni. Mimi niliandika mawili: kuzeeka kwa mti kunamzuiaje kijana kuchuma, na mashine itaondoa tatizo lipi kati ya haya? Mwanafunzi alijibu kwamba mkarafuu mzee una matawi makavu ambayo hukatika ghafla, na kwamba babu yake alianguka kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe kiungo cha hoja alikuwa nacho kichwani, ila hakukiandika. Rasimu yake ya pili ilisomeka hivi: "Vijana wengi hawataki kuchuma karafuu siku hizi kwa sababu wanaogopa kuanguka. Mikarafuu mingi imezeeka na matawi yake hukatika ghafla. Babu yangu alianguka hivyo akavunjika mguu. Kwa hiyo serikali itupe miche mipya." Mashine aliiondoa mwenyewe, baada ya kuona kwamba haikutokana na alichokieleza. Sentensi ni fupi, msamiati ni wake, na sasa kila sentensi inabeba ile inayofuata.

Anayetaka kujua kama sauti ya mwanafunzi imebaki, ampe mwanafunzi mwenyewe aisome insha kwa sauti bila kujiandaa. Mahali atakapokwama, au asipoweza kueleza maana ya neno alilolisoma, pana mkono wa mtu mwingine, na hapo parudishwe maneno yake ya awali yakiwa yamenyooshwa sarufi tu.

Dhana ya pili ni kwamba kila neno la nyumbani ni kosa. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na ni kweli kwamba insha ya shule huandikwa kwa usanifu huo. Lakini maneno ya bibi wa Kipemba yaliyonukuliwa yabaki kama alivyoyasema, ndani ya alama za mtajo. Vivyo hivyo msamiati wa kazi: nimewahi kuona "makonyo" yamefutwa na kuandikwa "vijiti vya karafuu", yaani mtoto anayejua kuchambua karafuu amefanywa aandike kama mgeni aliyezisoma kitabuni.

Wengine humwambia mwanafunzi anakili insha kwa mwandiko safi kabla ya kupiga picha. Asifanye hivyo. Maneno aliyoyakata kwa kalamu yanaonyesha alichotaka kusema kabla ya kuogopa, na mara nyingi swali zuri la pambizoni hutoka humo. Kinachotakiwa ni picha inayosomeka: karatasi ilazwe karibu na dirisha, simu ishikwe juu yake moja kwa moja, ukurasa mmoja kwa picha moja, na itumwe kama faili, kwani picha ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora na nukta hugeuka vumbi. Neno lisilosomeka lisikisiwe. Liwekewe alama na mwandishi aulizwe, kwa sababu "hawapati" na "hupata" kwenye picha yenye kivuli zinakaribiana mno, na ukikisia vibaya unaigeuza hoja nzima.

Na mwanafunzi asirudishiwe chapa safi iliyokamilika. Arudishiwe picha ile ile yenye alama na maswali, kisha aandike upya kwa mkono wake.