Shifti ya usiku na cherehani nyumbani: ratiba ya wiki ambayo haili usingizi

Mi ni nesi, niko zahanati ya kiwandani hapa Dar, na watu ninaowaona sana ni wa shifti ya usiku, wale wanaoingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Wengi wana kadili kao pembeni maana mshahara peke yake haufiki tarehe 20, mmoja anashona, mwingine anauza vocha na maji baridi, mwingine ana bodaboda. Sina shida na dili, watoto wanasoma kwa hizo hela. Shida yangu ni muda wanaoliweka hilo dili, kwa sababu karibu wote wanaliweka asubuhi, mtu anatoka kazini anaunganisha moja kwa moja, anasema "nimalize kabisa halafu nikalale vizuri". Hapo ndo usingizi unapotea, na haurudi.

Ngoja nieleze kwa nini asubuhi. Mwili una saa yake ndani, inayofuata mwanga wa jua, na hiyo saa haijali umelala lini. Kadiri mchana unavyosogea inakusukuma uamke, joto la mwili linapanda, ile homoni ya usingizi inayoitwa melatonini imeshashuka. Kwa hiyo mtu aliyeingia kitandani saa 2 asubuhi anaweza akapiga masaa 6 au 7, ila yuleyule akiingia saa 5 na nusu hatapata masaa 7 hata kama nyumba iko kimya kama msikitini saa 4 usiku, ataamka saa 8 au saa 9 mwenyewe, macho wazi, mwili umechoka. Sasa ongeza na nyumba zetu hizi za bati. Saa 2 asubuhi chumba bado kina ubaridi wa usiku, ikifika saa 7 mchana, hasa Desemba mpaka Machi, humo ndani ni tanuri na feni inasukuma joto tu. Yaani yale masaa matatu ya asubuhi uliyompa mteja ndo yalikuwa masaa bora ya kulala, na yale ya alasiri unayotegemea kufidia hayana ubora huo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Lala kwanza, dili baadaye, alasiri, na wateja wenyewe wengi alasiri ndo wanapatikana.

Tumchukue dada mmoja wa kufungasha, anakaa mbali kidogo, daladala saa nzima na zaidi, ana cherehani nyumbani. Anaingia Jumatatu usiku mpaka Jumamosi usiku, ofu yake ni Jumapili usiku. Zamani alikuwa anafika nyumbani saa 1 na robo, anakunywa chai, anashona saa 2 mpaka saa 5, analala saa 5 na nusu mpaka saa 9. Masaa matatu na nusu. Akawa anapitishwa kituo kwenye daladala, anakata kitambaa cha mteja upande usio wake, halafu analipa yeye. Ukihesabu vitambaa alivyolipa na nauli za kurudi nyuma, ile hela ya asubuhi ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani.

Tukakaa tukaipanga wiki upya, na tulianza na usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Jumanne mpaka Jumamosi anaingia kitandani saa 2 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri, hayo ni masaa 7 mara siku tano, 35. Jumapili asubuhi anatoka shifti ya mwisho, hapo analala saa 2 mpaka saa 6 mchana tu, masaa 4, kwa makusudi, ili usiku usingizi uje. Jumapili usiku analala kama watu wengine, saa 5 na nusu mpaka saa 1 na nusu asubuhi, masaa 8. Jumatatu analala tena saa 9 mpaka saa 11 jioni, masaa 2. Jumla 49 kwa wiki, wastani wa 7 kwa siku, na saba ndo kiwango cha chini kwa mtu mzima.

Baada ya hapo ndo tukatafuta dili likae wapi. Jumatano na Ijumaa anashona saa 10 alasiri mpaka saa 12 na nusu jioni, masaa mawili na nusu kila siku. Jumatatu asubuhi, akiwa ametoka kulala usiku mzima, anashona saa 3 mpaka saa 6 mchana, na hiyo ndo siku ya kazi inayotaka akili, kukata vitambaa, kupima mtu, kwa sababu ndo siku kichwa chake kiko sawa kuliko zote. Jumla masaa 8. Jumanne hashoni kabisa, maana ule usingizi wa mchana wa kwanza baada ya ofu huwa mbovu, unakatikakatika. Alhamisi imeachwa wazi, kama Jumatano ilivurugika, mtoto aliugua au kulikuwa na msiba mtaani, Alhamisi ndo ya kulipia usingizi, sio ya kulipia kushona. Jumamosi anakabidhi tu nguo za watu wanaozitaka Jumapili, haanzi kazi mpya.

Jumatatu naomba muiangalie vizuri maana watu wanaidharau. Ameamka saa 1 na nusu asubuhi. Asipolala mchana, ikifika saa 6 na nusu usiku ana masaa 17 macho wazi, na bado ana zaidi ya masaa matano ya kazi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho masaa 17, wakakuta utendaji wao umeshuka sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ndo maana yale masaa mawili ya saa 9 alasiri hayaguswi, hata mteja akija na hela mkononi. Kama Jumatatu lazima kitu kikatwe, kikatwe kushona.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini asilale jioni, saa 12 mpaka saa 2 usiku, ashone alasiri yote. Ni kwa sababu mapema jioni ndo muda mgumu sana kusinzia, ile saa ya mwili bado inakushikilia uwe macho, unajigeuza tu kitandani mpaka muda wa kuondoka unafika. Alasiri mapema mwili unalegea wenyewe, tumia hapo.

Aina ya kazi nayo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Tulikubaliana achukue kupunguza suruali, kubadilisha zipu, sare za shule, vitu ambavyo ikifika saa 12 na nusu unaviacha palepale na hakuna atakayelia. Magauni ya sherehe aliacha, ingawa hela yake ni nzuri, kwa sababu sherehe ina tarehe, na wiki ya sherehe ile saa 9 alasiri inageuka saa 6 mchana, bibi harusi na dada zake wako mlangoni. Na kwa mwenye bodaboda, naomba sana, asubuhi baada ya shifti usibebe abiria. Fundi akisinzia atachomwa sindano, wewe ukisinzia sekunde tatu uko chini ya lori.

Sasa kulala mchana kwenyewe kunataka maandalizi kidogo. Ukitoka getini saa 12 jua limeshatoka au ndo linatoka, na mwanga ule unauambia mwili kumekucha, kwa hiyo vaa miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpaka nyumbani. Dirishani weka kitambaa kizito cheusi au kanga mbili tatu juu ya pazia. Kula kidogo kabla ya kulala, njaa inaamsha na shibe kubwa inasumbua. Kahawa ya mwisho iwe saa 8 usiku, maana nusu ya ile kafeini inakuwa bado iko mwilini baada ya masaa kama matano, na chai kali ya rangi nayo ina kafeini. Simu zima, sio kuweka mtetemo, zima. Huyu dada alibandika karatasi mlangoni, FUNDI ANAPATIKANA SAA 10 JIONI, na akawaambia majirani, wiki mbili za kwanza watu walinuna, baadaye wakazoea.

Na kama kazini mnaruhusiwa kulala kidogo wakati wa mapumziko, dakika 20 mpaka 30 mida ya saa 9 usiku zinasaidia sana, muda huo ndo mwili uko chini kabisa. Ila ukiamka kaa dakika 15 kabla ya kugusa mashine, kichwa kinakuwa bado kizito.

Utajuaje ratiba inakula usingizi wako? Andika kwenye daftari masaa uliyolala kweli, sio uliyolala kitandani ukichezea simu, jumlisha kila Jumapili. Ikishuka chini ya 45 wiki moja, wiki inayofuata toa kipindi kimoja cha dili. Ikishuka wiki mbili mfululizo simamisha dili zima mpaka urudi. Dalili nyingine zinatangulia daftari, umepitishwa kituo, umesoma namba ya boksi mara tatu haiingii, unamfokea mtoto kwa kitu kidogo, umesinzia umesimama. Hiyo ya mwisho usisubiri Jumapili, njoo zahanati siku hiyohiyo. Na kama unalala masaa yote 7 vizuri lakini bado unasinzia kila mahali, na nyumbani wanasema unakoroma na pumzi inakatika, hilo sio la ratiba, hilo unahitaji kupimwa.

Kabla hujaongeza dili angalia pia slipu yako ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kila saa unayofanya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu ya mara moja na nusu. Nimeona watu wanahangaika na vocha juani wakati kuna hela yao ambayo hawajawahi kuiulizia.

Walinzi wa masaa 12, saa 12 mpaka saa 12, usiku sita, ratiba hii haiwafai, msiilazimishe. Unafika nyumbani saa 1 na robo, unatakiwa kuondoka saa 11 kasoro robo jioni, ukilala saa 2 mpaka saa 9 unabaki na saa moja na dakika 45 za kuoga, kula na kuongea na familia. Siku za kazi hakuna dili hapo. Weka masaa matatu siku ile unayoamka baada ya usiku wa ofu, basi. Na piga hesabu, hata ukitoa saa moja ya kula kila usiku unabaki na masaa 66 kwa wiki, 21 zaidi ya yale 45, kwa wiki nne ni 84, na sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa ovataimu masaa 50 kwa wiki nne. Hilo ni la kwenda nalo kwa mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, au ofisi ya kazi ya mkoa kama chama hamna.