Hasara tarajiwa si hasara unayoitarajia

Jumamosi iliyopita, katika mkutano wa chama cha wenye magari mtaani kwetu Donholm, Nairobi, mweka hazina wetu alisimama na daftari mkononi akasema: "Kama hasara tarajiwa ya kila gari ni shilingi 20,000, basi kila mtu atoe 20,000 tujikatie bima wenyewe. Kampuni inatutoza 30,769. Hizo zingine zinaenda wapi, na wengi wetu hapa hatujawahi gonga?" Watu walipiga makofi. Tuko na magari 100 kamili. Bima ya kumlinda mtu wa tatu tungeendelea kuinunua kwa kampuni iliyosajiliwa, maana Sheria ya Sura 405 inatulazimisha. Tulichotaka kujibebea wenyewe ni wizi na uharibifu wa magari yetu.

Tarakimu hizo nilimpa mimi. Ni za mfano, nilizipanga ili hesabu ionekane wazi, na kazi yangu ya kila siku ni kukokotoa viwango vya bima ya magari. Kwa hivyo naona ni jukumu langu kueleza maana ya neno hilo kabla chama hakijaanza kukusanya pesa.

Maana yenyewe ni fupi. Chukua kila aina ya hasara, zidisha kiasi chake kwa uwezekano wake wa kutokea mwaka huu, kisha jumlisha. Gari la mfano wetu lina thamani ya 800,000. Katika magari 100, tuseme 10 hupata ajali ndogo kwa mwaka na kila moja hutengenezwa kwa 120,000. Hiyo ni 12,000 kwa kila gari ukigawanya kwa wote. Gari 1 katika 100 huibwa au huharibika kabisa, na hiyo ni 8,000 kwa kila gari. Jumla 20,000. Hiyo ndiyo hasara tarajiwa, na ndiyo msingi wa ada ya bima. Juu yake huja nyongeza ya gharama na faida.

Sasa neno lenyewe. Kutarajia katika Kiswahili ni kungojea jambo ukiwa na matumaini litafika. Lilitoka kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa matumaini. Unatarajia mgeni, unatarajia mshahara, mama mjamzito anatarajia mtoto. Kwa hivyo mtu akisikia "hasara tarajiwa ya 20,000" anaelewa, na si kosa lake, kwamba iko hasara ya 20,000 inayokuja kwenye gari lake, na kwamba akiwa na hizo 20,000 mfukoni amejitosheleza. Wanahesabu walilipata neno hili kutoka mahali tofauti kabisa. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu kuhusu michezo ya dadu, akitafuta haki ya kila mchezaji katika fedha zilizowekwa mezani iwapo mchezo unakatizwa kabla ya mwisho. Thamani hiyo ya haki ndiyo iliyoitwa kwa Kilatini expectatio, yaani tarajio. Lilikuwa jina la sehemu ya mtu katika fungu, wala halikuwa utabiri wa kile atakachoondoka nacho.

Rudi kwenye magari yetu. Mwisho wa mwaka, gari lako litakuwa limekugharimu sufuri, au 120,000, au 800,000. Hakuna gari hata moja litakalopata hasara ya 20,000. Kiasi hicho hakimtokei mtu yeyote mtaani. Kingekuwa na jina la "wastani wa fungu" nadhani mweka hazina wetu asingekosea, maana wastani kila mtu anajua ni mali ya kundi. Darasa likiwa na wastani wa alama 61, hakuna anayemtafuta mwanafunzi mwenye alama 61.

Na kama ni wastani, swali linalofuata ni hili: kundi lazima liwe kubwa kiasi gani ndipo hasara ya mwaka ikae karibu na huo wastani? Hapa ndipo kazi ya kuchangiana hatari ilipo, na ndipo watu wengi wanapoielewa kinyume. Husemwa kwamba tukiwa wengi hasara inapungua. Haipungui. Magari 10,000 yana ajali nyingi kuliko magari 100, na sehemu ya kila mmoja inabaki 20,000 vilevile. Kinachopungua ni kuyumba kwa hesabu kutoka mwaka hadi mwaka.

Tuseme tumekusanya 2,000,000 zetu. Tuwape ajali ndogo 1,200,000 zao bila kubishana, tubaki na 800,000 za gari moja lililopotea. Je, litakuwa moja kweli? Kwa magari 100 yenye uwezekano wa 1 kwa 100 kila moja, mwaka wa kupoteza gari moja hasa hutokea mara 37 katika 100. Mwaka wa kutopoteza hata moja hutokea mara 37 vilevile. Na mwaka wa kupoteza magari mawili au zaidi hutokea mara 26 katika 100, yaani takribani mwaka mmoja katika kila minne. Yakiwa mawili tunadaiwa 2,800,000 tukiwa na 2,000,000. Mwanachama wa pili kuibiwa atasimama mbele yetu na karatasi ya polisi, ametoa 20,000 zake kama sisi, na sanduku limekwisha.

Kampuni yenye magari 10,000 ya namna hiyo inatarajia kupoteza 100. Idadi itayumba, lakini kwa kawaida huyumba kwa 10 hivi juu au chini, na kufika 200 ni jambo ambalo kwa hesabu hii halitokei. Ndiyo maana yenyewe inaweza kuishi na akiba ndogo ya tahadhari kwa kila gari, wakati chama cha magari 100 kingehitaji kuweka kando karibu pesa nyingine sawa na hizo za gari lililopotea, na hata hivyo kikashindwa mwaka wa magari matatu au zaidi, unaokuja takribani mara 8 katika 100.

Kuna mwaka unaonitia wasiwasi zaidi ya huo wa magari matatu, nao ni ule wa sufuri. Desemba inafika, sanduku lina 800,000, na nawajua majirani zangu: tutagawana. Tutasema pesa zimelala bure. Methali inasema akiba haiozi, na ni kweli kwa akiba. Ada ya bima ni kitu kingine. Ukishavuka mwaka bila ajali, 20,000 zako zimekwisha kutumika, kwa sababu zilinunua ahadi ya mwaka mzima kwamba ungelipwa 800,000. Kilichobaki sandukuni ni cha mwaka mbaya unaokuja. Chama cha akiba kinagawa, na kinafanya vizuri kugawa. Mfuko wa hatari ukigawa, umekufa, ila taarifa ya kifo itafika mwaka unaofuata.

Hesabu yote hiyo pia inadai hasara zitokee kila moja kivyake. Gari langu likiibwa Jacaranda, lako lisiwe limeibwa kwa sababu hiyohiyo. Mafuriko ya Nairobi ya Machi hadi Mei 2024 yalituonyesha vinginevyo, magari yalizama pamoja katika maegesho mamoja kwa mvua ya usiku mmoja. Magari yetu 100 yote yanalala Donholm. Mvua ikija, wingi wetu hautusaidii hata kidogo. Kampuni hujikinga kwa kuyachanganya magari ya Nairobi na ya Eldoret na Mombasa, kisha nayo hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, na malipo hayo ya juu ni gharama.

Hapo tumefika kwenye nyongeza, na kosa la pili la daftari. Nilimwambia mweka hazina kwamba nyongeza ni asilimia 35. Akachukua 20,000, akaongeza asilimia 35 yake, akapata 27,000, na akahitimisha kwamba kampuni imemwibia 3,769 zaidi. Kosa hili nimeliona hata kwa watu wa ofisini, na linauma kwa sababu linaonekana ni sahihi kabisa.

Asilimia za nyongeza huhesabiwa juu ya ada anayolipa mteja. Wakala halipwi asilimia 10 ya hasara, analipwa asilimia 10 ya ada. Kwa hivyo katika kila shilingi 100 ya ada, 35 zinaondoka na 65 zinabaki kulipia hasara. Hizo 65 ndizo zinazopaswa kutosha 20,000. Unagawanya, huongezi:

```
20,000 / (1 - 0.35) = 30,769
```

Jaribu ya mweka hazina uone. Toza 27,000, toa asilimia 35 ambayo ni 9,450, unabaki na 17,550. Kila gari limepungukiwa na 2,450. Kwa magari 1,000, hiyo ni 2,450,000 zilizokosekana hata mwaka ukienda sawasawa na makadirio. Aliyekosea hivi haoni kosa lake mara moja, kwa sababu ada huingia Januari na madai huendelea kuja hadi mwaka wa pili. Dalili yake ni wateja wanaomiminika kwa bei nzuri, na gereji zinazoanza kulalamika kuwa hazijalipwa.

Ndani ya ile 10,769, katika mfano wetu, 3,077 ni za wakala, na 6,154 ni za kuendesha kazi: mkaguzi anayekwenda kulitazama gari gereji, wakili, mishahara, na ile bima ya kampuni yenyewe. Zinabaki 1,538, nazo ni faida pamoja na tahadhari ya mwaka mbaya. Ushuru wa serikali hauko humo. Ule wa mafunzo wa asilimia 0.2, ule wa mfuko wa kufidia wenye bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40 huandikwa chini ya ada. Mtu ana haki ya kuuliza kama 6,154 ni nyingi mno, na mimi mwenyewe huona kampuni nyingi zingeweza kuipunguza. Lakini kuita 10,769 yote faida ni kumhesabia mkaguzi na wakala kwamba wanafanya kazi bure. Chama chetu nacho kingehitaji mtu wa kwenda gereji kuthibitisha kwamba bampa iliyovunjika ni ya ajali ya juzi.

Nimemwomba mweka hazina wetu, kwa heshima, abadilishe mistari miwili katika kumbukumbu za mkutano. Pale alipoandika "hasara tarajiwa ya kila gari ni 20,000" aandike "wastani wa hasara katika magari mengi ni 20,000 kwa kila gari". Na pale alipoandika "kampuni inakula 10,769" aandike zile sehemu tatu, kila moja na kiasi chake, kisha tupige kura tukizitazama.